Sauti Inayovunjika na Sauti Inayougua

Mvulana wa miaka 13 au 14 akianza kubadilika sauti, watu wa nyumbani huwa na jibu tayari: "Anabalehe huyo." Mara nyingi wako sahihi. Tatizo ni kwamba jibu hilo likishatolewa hakuna anayesikiliza tena, na mvulana mwenye ugonjwa kooni anaweza kupita miezi kadhaa akidhaniwa anakua tu.

Kinachotokea wakati wa balehe kinaeleweka vizuri. Korodani huanza kutoa homoni ya testosteroni kwa wingi, na zoloto, kiungo cha kooni kinachotoa sauti, hupanuka na kushuka kidogo. Gegedu lake la mbele hujitokeza shingoni, ndicho kikoromeo. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti, ambazo nazo hurefuka na kunenepa hadi kufikia milimita 17 hadi 25 kwa mwanamume mzima. Uzi mrefu na mnene hutetema polepole. Mtoto anapozungumza, nyuzi zake hugongana takriban mara 250 kwa sekunde. Za baba yake hugongana kama mara 120. Sauti ya mvulana hushuka karibu oktava nzima.

Haishuki kwa utulivu, kwa sababu gegedu na nyuzi hukua haraka kuliko misuli inavyojifunza kuziongoza. Misuli bado inavuta kwa nguvu iliyozoea nyuzi fupi. Ndiyo maana mvulana huanza sentensi kwa sauti nzito na katikati sauti inaruka juu, kisha inarudi chini bila yeye kutaka. Kwa muda pia nyuzi hazifungi vizuri upande wa nyuma, hewa kidogo inapenya, na sauti inakuwa na pumzi pumzi. Yote hayo ni ya kawaida. Kipindi chenye misukosuko mikubwa huchukua miezi michache, ingawa sauti huendelea kutulia kwa mwaka au zaidi.

Umri hutofautiana. Mtunzi wa muziki Franz Schubert aliimba katika kwaya ya kanisa la kifalme mjini Vienna mpaka sauti ilipomvunjika mwaka 1812, akiwa na miaka 15. Katika shule ya kwaya ya Kopenhageni, Denmaki, ambako sauti za wavulana hupimwa mara kwa mara, wastani ulikuwa takriban miaka 14, na kati ya mwaka 1994 na 2003 ulishuka kidogo. Lakini jambo linalosaidia zaidi kuliko umri ni mpangilio. Sauti haitangulii balehe. Korodani hukua kwanza, nywele za sehemu za siri huota, kimo huanza kuongezeka kwa kasi, na sauti hufuata. Mvulana wa miaka 10 ambaye hana hata dalili moja ya hizo lakini sauti yake inakwaruza, sababu yake haiwezi kuwa balehe.

Kwa sikio la mzazi, tofauti kubwa ni hii: sauti inayovunjika inarukaruka, sauti inayougua inakwaruza. Mwambie mvulana anayebalehe avumishe wimbo midomo ikiwa imefumbwa, na utasikia kuna mahali sauti inatoka safi kabisa, hata kama juu au chini yake inapotea. Leo itakuwa mbaya, kesho nafuu. Hasikii maumivu, hakohoi, na anapumua vizuri. Aliyepwelewa na sauti kwa ugonjwa hukwaruza kila mahali, juu na chini, asubuhi na jioni. Hutumia nguvu kuongea, mishipa ya shingo ikitoka, na siku ikienda sauti inazidi kufifia.

Simu ya mkononi inaweza kuwa msaada mkubwa hapa. Mvulana akirekodiwa kila Jumamosi akisoma aya ileile, baada ya mwezi mzazi ana rekodi kadhaa za kulinganisha. Ikiwa sauti inashuka huku ikiyumba, huko ndiko kukua. Ikiwa imebaki palepale na ukwaruzaji unazidi, kuna jambo jingine.

Sababu ya kawaida ya jambo hilo jingine si ya kutisha. Mafua yanaweza kuvimbisha nyuzi, na uvimbe huo huisha ndani ya wiki moja hadi tatu. Mvulana anayepiga kelele uwanjani kila siku, au anayeimba kaswida kwa kulazimisha sauti, anaweza kuota vinundu vidogo kwenye nyuzi zote mbili, vikielekeana. Vinundu havihitaji antibayotiki, na kwa watoto ni nadra kuhitaji kisu. Mazoezi ya kutumia sauti bila kuikaza ndiyo tiba. Kwa wavulana wengi balehe yenyewe husaidia, kwa kuwa zoloto likikua vinundu hupungua.

Lakini chukulia mvulana wa miaka 14 aliyepata mafua wakati wa masika. Kikohozi kiliisha, sauti haikurudi. Nyumbani wakasema ni balehe, na kweli alikuwa anabalehe, kwani alikuwa amerefuka na nywele zilikuwa zimeota. Mwezi wa pili alinunuliwa antibayotiki dukani, haikusaidia. Mwezi wa tatu akaanza kupumua kwa sauti akilala, na kwenye zahanati akapewa dawa ya pumu ya kuvuta. Hapo ndipo sikio makini lingeweza kugundua jambo. Mlio wa pumu husikika zaidi hewa inapotoka. Wa kijana huyu ulisikika hewa inapoingia, na mlio wa namna hiyo huashiria kuwa njia imebanwa juu, kwenye zoloto.

Daktari wa masikio, pua na koo humpulizia mgonjwa kama huyu dawa ya ganzi puani, akapitisha kamera nyembamba inayopindika, kisha akamwambia aseme "iii" na avute pumzi ndefu. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kwa mvulana wetu kinachoonekana ni vinyama vilivyosongamana kama kishada juu ya nyuzi. Huitwa papiloma, na huletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Si saratani, lakini huziba njia ya hewa. Huondolewa kwa upasuaji kupitia mdomoni, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na huwa na tabia ya kuota tena, hivyo wengine hurudi chumba cha upasuaji mara nyingi. Anayefika akiwa bado anapumua vizuri huepuka kutobolewa shingo ili apate hewa.

Hakuna daktari anayeweza kutofautisha vinundu na papiloma kwa kusikiliza tu. Lazima zoloto litazamwe. Mwongozo wa madaktari wa koo wa Marekani wa mwaka 2018 unasema ukwaruzaji usioisha ndani ya wiki 4 uchunguzwe kwa kutazama nyuzi zenyewe. Kwa mvulana anayebalehe, muda huo uhesabiwe tangu ukwaruzaji wa kudumu ulipoanza, hata kama sauti yake pia inavunjika.

Zipo hali zisizosubiri wiki 4. Anayepumua kwa mlio au kwa shida apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asiyeweza kumeza, anayekohoa damu, mwenye uvimbe shingoni, au aliyepotewa na sauti baada ya kuumia au kupasuliwa shingo au kifua, naye awahishwe. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku na kukonda pamoja na sauti kukwaruza hudai kipimo cha makohozi, kwa sababu kifua kikuu nacho hushika zoloto, na mgonjwa wa aina hiyo huambukiza kwa urahisi wanaolala naye chumba kimoja.