Harusi Iko Ukumbi Gani?

Pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuna ukumbi uliojengwa miaka ya 1950 kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki aliyekuwa na mashamba na biashara Tanganyika. Ukumbi ulipewa jina lake. Wakazi wa jiji waliulizana njia, wakaitana mikutanoni na kwenye dansi, na jina likapita midomoni hadi likawa Anatoglo. Hadi leo maandishi yanatofautiana: yupo anayeandika Arnautoglo, yupo wa Anatouglou, yupo wa Anatoglo. Kila mmoja anajua anakusudia jengo lipi, kwa sababu miongo mingi imepita na jengo halijahama.

Anayejenga ukumbi wa harusi leo hana miongo ya kusubiri watu walizoee jina lake. Ukumbi mpya huko Goba, Kisasa ya Dodoma au Buswelu ya Mwanza unatakiwa kupata wageni msimu huu, na wengi wao watakuwa wanafika hapo kwa mara ya kwanza, jioni, giza likiingia. Jina lake litasomwa kwenye kadi, litatumwa kwa meseji, litatajwa kwa mdomo katika vikao vya kamati, kisha litaulizwa kwa dereva wa bodaboda asiyekuwa na kadi. Likikwama katika hatua moja, bibi harusi anaingia ukumbini na meza za wageni bado zina nafasi wazi.

Kumbi kongwe za Dar es Salaam zinafundisha mengi kuhusu hatua hizo. Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, umebeba kumbukumbu ya jubilei ya almasi ya Aga Khan wa Tatu, iliyosherehekewa mjini humo mwaka 1946. Jina ni la maneno mawili, lakini katika mazungumzo ya kawaida watu husema "harusi iko Diamond" na kuishia hapo. Ndivyo watu wanavyofanya kwa jina lolote refu: hushika neno la kwanza, yanayofuata huachwa. Kwa hiyo neno la kwanza ndilo linalopaswa kuutambulisha ukumbi peke yake. Mwenye ukumbi akianza na Royal, Golden au Paradise, ajue kwamba baada ya kufupishwa atabaki na neno ambalo mgeni huenda amelisikia kwenye baa, hoteli na saluni kadhaa za mji uleule.

Mlimani City imepita njia nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia kwenye kilima chake katika miaka ya 1960, watu walikuwa wakikiita Mlimani. Kituo cha biashara kilipofunguliwa mwaka 2006 kando ya Barabara ya Sam Nujoma, jirani na chuo, kilichukua neno ambalo jiji lilikuwa linalitumia tayari. Ukumbi wake wa mikutano haukuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa mtu aliyesikia "Mlimani City" alishajua ni upande gani wa mji. Jina la mahali lina faida hiyo, ila lina mpaka wake. Mbuyuni ni jina zuri, lakini Mbuyuni zipo nyingi nchini, na mgeni anayetoka mkoani anaweza kuelekezwa kwenye mbuyu mwingine kabisa.

Halafu kuna Karimjee, ukumbi wenye jina la familia ya wafanyabiashara waliojitolea kuujenga. Jina linatamkika bila shida. Hata hivyo viwanja vya Karimjee vimetumika mara nyingi kuaga miili ya viongozi na watu mashuhuri, na sehemu hiyo ya historia haitenganishwi na jina. Ukumbi mkongwe wenye heshima yake hauhitaji kujitetea. Mwenye ukumbi mpya, kabla ya kuchagua jina la mtaa, mto au mtu, anapaswa kuwauliza wenyeji wa rika mbalimbali linawakumbusha nini.

Ili kuona jinsi majina yanavyopimwa, tuchukue mfano wa ukumbi mpya wa wageni 300 uliojengwa Goba, jirani na kituo cha mafuta. Tuseme mwenye mali ana majina matatu mezani. La kwanza ni Royal Crystal Gardens and Events Centre. La pili ni Kilua, ua lenye harufu nzuri ambalo wanawake wa pwani hulipenda. La tatu ni Vifijo, neno ambalo Waswahili huliambatanisha na nderemo.

Kipimo cha kwanza ni meseji. Kamati nyingi za harusi hutuma ukumbusho kwa mkupuo, na kila meseji hulipiwa. Meseji moja ya kawaida ya simu hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ikizidi hapo inakatwa vipande na kulipiwa kama meseji mbili. Ikiwekwa kijipicha cha ua au cha moyo, kiwango hicho hushuka hadi herufi 70. Sasa soma ukumbusho huu: "Unakumbushwa sherehe ya ndoa ya Asha na Juma, Jumamosi 14/11, saa 12 jioni, ukumbi wa Vifijo, Goba, jirani na kituo cha mafuta. Fika na kadi. Karibu." Una herufi 149, unaingia kwenye meseji moja. Ondoa Vifijo, weka Royal Crystal Gardens and Events Centre, na hesabu inafika 182. Kamati yenye majina 300 kwenye orodha italipia meseji 600. Katibu wa kamati hatakubali gharama hiyo. Atafupisha jina kadiri anavyoona yeye, na kila katibu atafupisha kivyake: huyu ataandika Royal, yule Crystal Gardens, mwingine RCG.

Kadi nayo ina nafasi yake finyu. Mstari wa mahali hukaa chini, baada ya majina ya wazazi, ya maharusi, tarehe na saa, na mara nyingi huandikwa kwa herufi za mkono zenye mapambo. Katika mwandiko huo jina refu hukatika mistari miwili, na majina yenye herufi zinazofanana yanasomeka vibaya. Crystal huandikwa pia Cristal na Kristal, na mgeni anayelitafuta kwenye ramani ya simu kwa tahajia tofauti na ya mwenye ukumbi anaweza kulikosa. Kuna kosa jingine dogo linaloonekana kwenye kadi nyingi: "ukumbi wa fulani Hall". Kadi ya Kiswahili itaandika "ukumbi wa" kwa vyovyote vile, kwa hiyo afadhali jina lenyewe lisibebe neno hilo mara ya pili.

Kwa kipimo cha kadi, Kilua linashinda. Ni herufi tano tu, linaandikika kwa namna moja na lina haiba ya harusi.

Linaanguka kwenye simu. Sema kwa haraka, kukiwa na kelele za kituoni, "harusi iko Kilua". Anayesikiliza atasikia Kilwa, na Dar es Salaam ina Barabara ya Kilwa inayoelekea Mbagala, kusini mwa jiji, wakati Goba iko kaskazini magharibi. Mgeni huyo hatajua amepotea mpaka afike, na kurudi Goba jioni ya Jumamosi kutamlia muda wote wa utambulisho na chakula. Hatari ya namna hii haionekani kwenye karatasi. Huonekana pale tu jina linapotamkwa kwa sauti mbele ya mtu asiyelijua, kisha akaambiwa alirudie na ataje angepanda gari la kwenda wapi.

Vifijo linavuka hapo. Kila silabi inaishia na irabu, kama ulimi wa Kiswahili ulivyozoea. Halina r wala l, herufi ambazo wasemaji wengi huzibadilisha, kwa hiyo haliji kwa sura mbili. Na hata simu ikikwaruza, sikio hulikamilisha lenyewe kwa kuwa neno linajulikana. Nderemo lingekuwa karibu nalo, ila baadhi ya watu wangesema na kuandika Ndelemo. Upungufu wa Vifijo uko kwingine: familia inayotafuta mahali pa kisomo cha arobaini, au taasisi inayoandaa semina ya siku tatu, inaweza kusita kuandika neno la shangwe kwenye barua yake. Kwa ukumbi unaotegemea harusi na hafla za kuwaaga mabinti, hasara hiyo inavumilika. Kwa ukumbi unaotegemea semina za katikati ya wiki, jina tulivu zaidi lingefaa.

Jina la nje likishapatikana, yabaki majina ya ndani. Kumbi nyingi sasa zina vyumba viwili au vitatu vya sherehe vinavyofanya kazi usiku mmoja, na vikiitwa A na B mgeni husahau herufi akiwa njiani, akaingia kwenye harusi ya watu wengine na bahasha ya zawadi mkononi. Majina yanayoanza kwa sauti zilizo mbali yanasaidia: kimoja kiitwe Tausi, kingine Kasuku. Mlinzi wa getini atauliza "Tausi au Kasuku?" na jibu litatoka mara moja. Majina hayo yaandikwe kwenye kadi pamoja na la nje, kwa hiyo nayo yawe mafupi.

Mwisho ni sheria. Tanzania Bara, jina la biashara husajiliwa BRELA, na mfumo wao wa mtandaoni humwezesha mwombaji kuangalia kama jina hilo au linalofanana nalo limeshachukuliwa. Kwa Zanzibar kuna wakala wake, BPRA. Kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara, na anayetaka kumzuia mwingine asiitumie nembo na jina lake lazima aombe hilo la pili kivyake. Wako wanaochora bango na kuchapisha vipeperushi kwanza, kisha wanakataliwa jina. Mwenye ukumbi afuate mpangilio huu: aandike majina matatu, ayapitishe kwenye meseji ya herufi 160, ayatamke kwa simu kwa watu wasiomjua, aulize kijiwe cha bodaboda kilicho jirani kama kuna mahali pengine panapoitwa hivyo, na aangalie BRELA. Fundi wa bango aitwe baada ya hapo.