Shukrani za upande wa bibi harusi, kwa Kiingereza

Tuseme harusi iko Moshi na bwana harusi ni Mjerumani. Wazazi wake na ndugu kadhaa wamekaa meza ya mbele, na MC anamwita baba mdogo wa bibi harusi atoe neno la shukrani. Dakika 2 zinamtosha. Kwa mwendo wa kutulia, hayo ni maneno kama 200, yaani nusu ukurasa. Tena Kiingereza ni lugha ya kujifunza kwa wageni hao pia, kwa hiyo sentensi ziwe fupi.

Aanze na wazazi wa bwana harusi, kwa majina. Majina hayo amuulize bwana harusi mapema, ayatamke mbele yake mpaka yakae sawa. Kisha ashukuru jambo moja linaloonekana: "Mmepanda ndege usiku kucha, na leo asubuhi mlikuwa kanisani kabla yetu." Hapo mgeni anajua anasemwa yeye.

Penye mtego ni utani wa mahari. Ukumbi utacheka, lakini mgeni asiyejua mila anaweza kusikia kwamba binti ameuzwa. Mimi ningeuacha kabisa. Badala ya kusema "tunawakabidhi binti yetu", aseme "tumepata mtoto wa kiume, nanyi mmepata wa kike."

Kamati na majirani awashukuru kwa Kiswahili, sentensi moja tu, kisha awakaribishe wote chakula.