Fomu moja, simu moja

Walimu wengi wa Kiingereza wanaofundisha wakimbizi wapya huanza somo la kliniki kwa orodha ya magonjwa: kichwa kinauma, tumbo linauma, nina homa. Mimi naona ni kuanzia pabaya. Mama wa Kikongo aliyeletwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, hata bila neno la tumbo ataonyesha kwa mkono na ataeleweka. Anakokwama ni kabla ya kumfikia daktari: jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na saa aliyopangiwa. Hayo yote anayajua tangu zamani, ila huku yanapangwa vingine.

Kwa hiyo somo la dakika 90 lipangwe kuanzia mwisho. Mwanafunzi atoke na karatasi mbili mkononi: fomu yenye visanduku vitano alivyovijaza mwenyewe, na kijikaratasi chenye siku, tarehe na saa ya miadi. Kisichosaidia kufika hapo kingoje wiki ijayo.

Fomu iwe ya kweli, iliyochukuliwa mapokezi ya kliniki ya mtaani, lakini mwalimu aikate abakize jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, simu na mtu wa kupigiwa kukiwa na dharura. Wanafunzi wasiandike habari zao wenyewe. Wapo waliofiwa na wenzi wao vitani, na swali la hali ya ndoa halifai kuulizwa mbele ya darasa. Wape kadi ya mtu wa kubuni: Neema Amisi, aliyezaliwa tarehe 7 Machi 1985. Asiyejua kusoma vizuri naye anaweza kunakili kadi herufi kwa herufi, na ndivyo atakavyofanya mapokezi akiwa na kadi yake ya bima.

Penye "Last Name" panaandikwa Amisi, penye "First Name" panaandikwa Neema. Mkongo mwenye majina matatu, asiyeshiriki hata moja na mumewe au watoto wake, atauliza lipi ni lipi. Jibu la mwalimu liwe moja: fuata mpangilio wa kadi ya bima, hata kama nyumbani huitwi hivyo. Kisha inakuja "DOB". Wamarekani hutanguliza mwezi, basi Neema anaandika 03/07/1985. Akiandika 07/03 amekuwa mtu wa Julai, na mhudumu akimtafuta kwenye kompyuta kwa jina na tarehe hampati. Penye mtu wa dharura wapo wanaoandika namba yao wenyewe. Mwalimu apite mezani akikitazama kisanduku hicho.

Simu ndiyo ipewe muda mrefu, kwa kuwa haina karatasi wala mikono ya kuonyeshea. Wanafunzi wakae wawili wawili wakipeana mgongo, mmoja mgonjwa, mwingine mapokezi. Hapo matatizo hujitokeza yenyewe. Neema anataja herufi za Amisi kwa Kiswahili. Anaposema "i", mwenzake anayesikiliza kwa Kiingereza anaandika E, maana hilo ndilo jina la E kwao. Waliosoma kwa Kifaransa wana lao pia: majina ya G na J yanakaribia kubadilishana. Irabu tano na herufi hizo mbili zinatosha kwa siku moja.

Halafu saa. Mhudumu akisema 10:30 asubuhi, aliyezoea saa zetu anasikia kumi na nusu, anafika jioni kliniki ikifungwa, ilhali alisubiriwa saa nne na nusu. Kumfundisha kuongeza au kupunguza sita ni kumchosha bure akiwa na simu sikioni. Aandike tarakimu anazosikia, azirudie kwa sauti, kisha atazame saa ya simu yake, ambayo inaonyesha tarakimu hizohizo. Mwalimu achanganye makusudi 2:15 na 2:50, maana kumi na tano na hamsini za Kiingereza hufanana sana masikioni. Asiulize kama wameelewa, kwani watu wazima huitikia ndiyo kwa heshima. Akusanye vijikaratasi asome kilichoandikwa.

Kuna sentensi moja ya kukariri kabla ya zote: "Swahili interpreter, please." Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, nazo zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Mwanafunzi aiseme kisha asubiri bila kukata, kwani kimya kinaweza kuwa kirefu.

Orodha ya magonjwa ya ukoo na mahali pa kutia sahihi viachwe nje ya somo hili. Huko ni kwa mkalimani, na mwanafunzi aambiwe wazi kwamba anaruhusiwa kuacha wazi asichokisoma mpaka aelezwe.