Kapata: Frigo iliyobonyea ipunguzwe dola ngapi?

Frigo nyingi zinazouzwa Kapata na mitaa mingine ya Kolwezi zinafika kwa lori. Kutoka Lubumbashi peke yake ni karibu kilometa 300, na zile zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam zimekwisha kupita Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Njiani kartoni zinapasuka na chuma kinabonyea. Muuzaji anapiga picha, anaandika kwenye WhatsApp: «Bei imeshuka, iliharibika kidogo.» Mnunuzi anauliza: «Papa, iko na nini?» Anajibiwa: «Iko muzima, mama.» Ugomvi unaanzia hapo.

«Iliharibika kidogo» haisemi kitu, kwa sababu inachanganya hali tatu. Ya kwanza, kartoni imepasuka lakini frigo yenyewe haijaguswa wala kuwashwa. Ya pili, kartoni ilifunguliwa, pengine frigo ikawekwa magazini ili watu waione. Ya tatu, mtu aliinunua akairudisha. Hii ya tatu lazima iandikwe pamoja na sababu yake: kurudishwa kwa kuwa haikuingia mlangoni si sawa na kurudishwa kwa kuwa haikufanya baridi.

Kisha kuna mahali ilipobonyea. Mlango ukibonyea na mpira wake bado unashika vizuri pande zote, hasara ni ya macho tu. Ubavuni ni jambo lingine. Frigo nyingi za siku hizi hazina tena mabomba yanayoonekana mgongoni. Mabomba ya kutoa joto yamefichwa ndani ya mbavu. Ndiyo maana mbavu hizo zinapata joto motere ikifanya kazi. Pigo la ubavuni linaweza kubana bomba au kulipasua kidogo sana, gazi ikatoka polepole. Frigo kama hiyo inaweza kufanya baridi leo na kuacha baada ya majuma kadhaa.

Kwa hiyo muuzaji anaipima kabla ya kuandika. Kama ililazwa njiani, anaisimamisha saa nyingi, heri usiku mzima, ili mafuta ya motere yarudi mahali pake. Halafu anaiwasha siku nzima ikiwa na kikombe cha maji sehemu ya barafu. Maji yakiwa barafu ngumu na chakula upande wa chini kikiwa kwenye digrii 4 hivi, inafanya kazi. Umeme ukikatika katikati, kipimo kinaanza upya. Lakini kwa frigo iliyobonyea ubavuni, siku moja haitoshi: mnunuzi apewe mwezi mmoja wa kuirudisha.

Sasa bei. Tuseme frigo mpya ya aina ileile inauzwa dola 300 leo Kolwezi. Hii yetu imebonyea mlangoni na imekosa rafu moja ya kioo. Kukatisha kioo kingine ni dola 10. Alama ya mlango, dola 20. Garanti imepungua kutoka miezi 12 hadi 3, dola 20 nyingine. Jumla ni 50, bei inakuwa 250. Mnunuzi anaweza kubishana juu ya kila namba, na hilo ni jambo zuri, maana anabishana juu ya kitu anachokiona. Kama ni kartoni peke yake iliyopasuka, kupunguza dola 10 kunatosha. Ukishusha 80 bila kusema sababu, mtu atajitafutia sababu mwenyewe, na atadhani ni motere. Na bei ya mpya isipandishwe kwenye tangazo ili punguzo lionekane kubwa: magazini ya jirani iko karibu, atakwenda kuuliza.

Tangazo lenyewe linaweza kuwa fupi:

«Frigo ya milango miwili. Kartoni ilifunguliwa, haikutumiwa nyumbani. Mlango wa chini umebonyea, upana wa sentimita 6 (picha ya 2, pamoja na rula). Rafu moja ya kioo haipo (picha ya 3). Mbavu nzima. Ilipimwa saa 24, barafu ilishika. Mpya ni dola 300, hii 250. Garanti miezi 3.»

Maneno hayo hayo yaandikwe kwenye fakture, na wote wawili watie sahihi. Sheria ya mikataba ya Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inatenganisha kasoro inayoonekana na ile iliyofichika. Mnunuzi aliyeweza kuona kasoro mwenyewe hawezi kuidai baadaye. Ile iliyofichika inaweza kumrudia muuzaji, hata kama hakuijua. Anayenunua kwa picha haoni ubavu ambao hakuonyeshwa. Ile sentimita 6 iliyoandikwa ndiyo itakayomlinda muuzaji siku mteja atakaporudi na kusema hakuambiwa.