Damu Nyeupe Kama Tui

Fundi wa maabara aliiacha mirija ya damu ikae kidogo kabla ya kuipima, na alipoirudia akakuta mmoja haufanani na mingine. Chini palikuwa na wekundu wa kawaida, lakini juu, mahali pa maji ya rangi ya manjano, palikuwa na kitu cheupe kizito kama tui la kwanza. Damu ile ilikuwa ya dereva wa lori wa miaka 46, mgonjwa wa kisukari, anayesafirisha makontena kutoka Mombasa hadi Malaba. Dereva huyu nimemtunga ili nielezee jambo, ila mirija ya namna hiyo maabara huiona kweli. Trigliseridi zake zilisoma 14.2. Kwa kawaida hutakiwa ziwe chini ya 1.7.

Trigliseridi ni mafuta yanayosafiri katika damu. Mengine hutoka kwenye chakula, yakapakiwa utumboni, na mengine hutengenezwa na ini, hasa sukari na pombe zinapozidi. Yote husafirishwa katika vifurushi, na kila kifurushi hupita kwa kimeng'enya kilichobandikwa kwenye kuta za mishipa midogo, kinachoyakata mafuta ili misuli iyatumie. Dereva wetu angeelewa haraka: ni kama mizani ya Mariakani. Malori yakija machache, yanapimwa na kupita. Yakija mengi kupita uwezo wa mizani, foleni inarudi nyuma kilomita nzima. Kipimo kikishafika kama 11, kimeng'enya kimelemewa, na kila mlo wenye mafuta huongeza malori yasiyo na pa kupita.

Kinachoogopwa hapo kwanza ni kongosho, moyo unafuata. Mafuta hayo yakivunjikia ndani ya kongosho huzalisha asidi zinazounguza tishu zake, na kiungo kinaanza kujimeng'enya chenyewe. Maumivu yake hukaa juu ya kitovu, hupenya hadi mgongoni, na huja na kutapika. Mtu wa namna hiyo ni wa hospitali usiku huohuo, kwa maji ya mishipani na kufungishwa kula. Hakuna kidonge kati ya hivi ninavyovieleza kinachomsaidia saa hiyo, kwa sababu vyote huchukua wiki kadhaa kufanya kazi kikamilifu.

Dereva wetu hakuwa na maumivu. Ndiyo maana daktari alikuwa na nafasi ya kuchagua.

Hakuanza na dawa, alianza na maswali. Sukari yake ikoje? Mbaya, alikuwa ameacha sindano za insulini miezi mitatu. Anakunywa? Bia jioni kila anapolaza lori. Barabarani anakunywa nini? Soda ya nusu lita, mbili au tatu kwa siku, na kila moja ina kama gramu 50 za sukari. Daktari akapima pia tezi ya shingo na figo, akauliza dawa nyingine anazotumia, maana baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na dawa za jamii ya steroidi huweza kupandisha trigliseridi. Insulini ikikosekana, kimeng'enya cha kukata mafuta hupungua na ini huongeza uzalishaji. Mizani inafungwa huku bandari ikitoa malori zaidi.

Kwa hiyo akarudishiwa insulini, bia ikakatazwa kabisa, soda vilevile, na mafuta ya chakula yakabanwa hadi kama gramu 25 kwa siku. Usiipitie haraka namba hiyo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni karibu gramu 14, kwa hiyo posho ya siku nzima haifiki hata vijiko viwili, na humo mmehesabiwa samli ya chapati, tui la mchuzi, ngozi ya kuku na mahamri ya asubuhi. Ni kazi ngumu kwa mtu anayekula hotelini, lakini wiki chache za kwanza ndizo zinazoishusha foleni, na hakuna dawa ya kumeza inayoweza kushindana na sahani iliyojaa chipsi.

Siku hiyohiyo aliandikiwa fibrati.

Fibrati ni jamii ya dawa ya zamani, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Inayotumika zaidi leo ni fenofibrati, miligramu 145 au 160 kwa siku kulingana na aina iliyotengenezwa, mara moja tu. Huamsha swichi fulani ndani ya chembe za ini, kisha kimeng'enya kinaongezeka na breki yake, protini moja inayokizuia, inapungua. Yaani mizani inaongezewa njia. Kwa mtu mwenye kipimo cha juu sana, punguzo la theluthi moja hadi nusu si ajabu. Ni kidonge kimoja na bei yake inabebeka. Ndiyo maana madaktari wengi huanzia hapo, na mimi sioni sababu ya kuwabishia.

Lakini ina masharti. Hutolewa mwilini kupitia figo, hivyo anayeugua figo kiasi hupunguziwa dozi, na ambaye figo zake zimechoka sana hapewi. Halafu kuna jambo linalowatia watu hofu bure. Baada ya wiki chache, kreatinini, kile kipimo cha figo, hupanda kidogo. Ya dereva wetu ilitoka 84 ikafika 97. Kupanda kidogo namna hiyo huonekana kwa wengi na hurudi dawa inapoachwa, nayo peke yake haithibitishi kuwa figo zimeumia. Kipimo kikiendelea kupanda, hasa kikizidi kikomo cha juu cha kawaida kwa nusu nzima, hapo dawa husimamishwa. Asiyejua tofauti hiyo ataitupa dawa nzuri, au atang'ang'ania iliyoanza kudhuru.

Sharti jingine ni mawe ya nyongo. Fibrati husukuma kolesteroli nyingi kuingia kwenye nyongo, na mwenye mawe tayari huweza kuzidiwa. Pia huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hivyo kipimo cha kuganda kwa damu hufuatiliwa kwa karibu. La tatu linahusu statini, dawa ya kolesteroli ambayo mgonjwa wa kisukari wa umri huo huenda akaihitaji baadaye. Ndugu yake fenofibrati, jemfibrozili, huzuia mwili kuiondoa statini, na statini ikijaa huvunja misuli: mapaja yanauma, mkojo unakuwa na rangi ya chai iliyokolea. Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa madhara ya misuli, na vifo kadhaa vilihusishwa na kuchanganywa na jemfibrozili. Fenofibrati haileti shida hiyo kwa kiasi kile. Ukiandikiwa fibrati na statini pamoja, soma jina la fibrati.

Sasa tumbadilishe dereva. Tuseme ana 14.2 ileile, lakini figo zake zinachuja chini ya 30, au ana mawe ya nyongo yanayomsumbua. Au si dereva kabisa, ni mama mjamzito, maana ujauzito wenyewe hupandisha trigliseridi na fibrati kwa kawaida huepukwa. Hapo ndipo omega 3 ya kuandikiwa na daktari inapopata nafasi yake.

Hii ni mafuta ya samaki yaliyosafishwa na kukolezwa. Kazi yake kubwa iko kwenye ini, ambalo linapunguza vifurushi linavyotoa. Mizani haijaongezewa njia, ila bandari inatoa malori machache. Dozi ni gramu 4 kwa siku, vidonge vinne vikubwa pamoja na chakula. Katika utafiti wa MARINE uliochapishwa mwaka 2011, watu waliokuwa na trigliseridi za juu sana walishuka kama theluthi moja walipolinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Haigusi figo wala haileti mawe ya nyongo. Tatizo ni bei, na si kila famasi inayo.

Hapa ndipo watu hukimbilia kidonge cha mafuta ya samaki cha dukani. Hebu tupige hesabu. Kidonge cha kawaida cha dukani kilichoandikwa miligramu 1,000 mara nyingi kina omega 3 kama 300 tu, iliyobaki ni mafuta mengine. Aina moja ya dawa ya kuandikiwa ina kama 840 katika kila kidonge, hivyo vinne vinatoa 3,360. Ili kufikia hapo kwa vya dukani utameza zaidi ya 11 kila siku, na humo umejiongezea mafuta usiyoyahitaji. Kwa kipimo kama cha dereva wetu, kidonge kimoja au viwili vya dukani havitikisi kitu.

Nayo omega 3 ina lake. Katika dozi hii huongeza kidogo uwezekano wa moyo kupiga bila mpangilio, hivyo aliyewahi kupata tatizo hilo hurudishwa upande wa fibrati kama figo zinaruhusu. Na zile aina zenye mchanganyiko wa asidi mbili za omega, EPA na DHA, huweza kupandisha kolesteroli mbaya wakati trigliseridi zinashuka. Yenye EPA peke yake haijaonyesha tabia hiyo. Dawa moja isipotosha, hakuna ubaya wa kuongeza ya pili, kwa kuwa kila moja inafanya kazi mahali pake.

Kuhusu moyo, majibu yamechanganyika. Utafiti wa REDUCE-IT wa mwaka 2018 uliona EPA pekee ikipunguza matukio ya moyo kwa robo. STRENGTH wa mwaka 2020, uliotumia mchanganyiko, haukuona faida. PROMINENT wa mwaka 2022 uliijaribu fibrati mpya kwa wagonjwa wa kisukari wenye trigliseridi za juu kiasi: zilishuka, mshtuko wa moyo haukupungua. Wataalamu bado wanabishana iwapo mafuta ya madini waliyopewa wenzao wa REDUCE-IT yaliukuza ushindi. Kwa mwenye 14.2 ubishi huo unasubiri zamu yake.

Baada ya wiki mbili dereva wetu alisoma 7.9, baada ya nane 3.8. Lipi limefanya nini, insulini, bia iliyoachwa au kidonge, hakuna anayeweza kutenganisha. Statini ikaongezwa hapo. Ingelikuwa namba imekwama pale pale 14 licha ya sukari kutulia na mafuta kubanwa, daktari angeanza kuuliza kama ameumwa kongosho tangu utotoni na kama wazazi wake ni ndugu wa damu. Kuna watu wachache waliozaliwa bila kimeng'enya kile. Kwao fibrati haina mizani ya kuongezea njia, omega 3 husaidia kidogo sana, na sahani isiyo na mafuta ndiyo tiba kuu kila siku, pamoja na sindano mpya zinazoizima ile protini ya breki, ambazo bado ni ghali mno.