Dawa ya bawasiri na titi la mama

Mama ana mtoto wa siku 12. Alisukuma kwa muda mrefu siku ya kujifungua, na sasa haja kubwa ni adhabu. Anaketi upande mmoja wa kiti, na ananyonyesha akiwa amelala ubavu. Mdogo wake ametumwa duka la dawa, akarudi na mrija wa marhamu na pakiti ya vidonge vyenye umbo la risasi, vile vinavyoingizwa njia ya haja kubwa. Amerudi na ujumbe pia: "Muuzaji kasema dada atumie, ila asimnyonyeshe mtoto mpaka amalize dozi."

Nyumba nyingi hulisikia agizo hilo, na mara nyingi halina msingi. Mama akiacha kunyonyesha kwa siku tano, matiti hujaa na kuuma, maziwa hupungua, na mtoto huzoea chupa. Kabla ya kukubali hasara hiyo, tuifuate dawa yenyewe tuone inafika wapi.

Kidonge kikiingizwa huyeyuka kwa joto la mwili na kubaki palepale kwenye uvimbe. Sehemu ya dawa hupenya utando wa utumbo na kuingia kwenye damu. Mishipa ya sehemu ya chini ya puru haipeleki damu yake kwenye ini kwanza, kama inavyokuwa kwa dawa iliyomezwa, kwa hiyo tusidanganyane kwamba dawa ya huko chini haiingii mwilini kabisa. Inaingia. Lakini kiasi chake ni kidogo, kinasambaa katika damu yote ya mama, na ni sehemu ndogo tu ya kilichomo kwenye damu inayovuka kuingia kwenye maziwa. Kisha mtoto anayanyonya maziwa hayo, na tumbo lake na ini lake hupunguza tena kilichobaki.

Tufanye hesabu kwa vidonge vya mama wetu. Kila kimoja kina miligramu 1.3 za prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, na miligramu 1 ya sinkokeini, ambayo ni ganzi. Akitumia asubuhi na jioni, anapata miligramu 2.6 za prednisoloni kwa siku. Mama mwenye pumu iliyopanda huandikiwa vidonge vya kumeza vya dawa hiyohiyo, pengine miligramu 40 kwa siku, na kwa kawaida daktari hamwachishi kunyonyesha. Hata kama dawa yote ya bawasiri ingeingia kwenye damu, isingefika sehemu moja ya kumi na tano ya ile ya pumu.

Kwa hiyo steroidi hafifu, prednisoloni au haidrokotisoni, hazimlazimu mama kumnyima mtoto titi. Mpaka wake uko kwingine: zisitumike zaidi ya siku saba mfululizo bila ushauri wa daktari, kwa sababu hukondesha ngozi laini ya eneo lile, na ngozi iliyokonda huchanika na kuwasha upya. Zile kali za kupaka ngozi, kama klobetasoli, hazifai kabisa kubuniwa kuwa dawa ya bawasiri.

Marhamu aliyoletewa ina zinki oksidi na lidokeini. Zinki oksidi ni unga mweupe unaofunika ngozi na kuikinga na unyevu, uleule uliomo kwenye krimu za upele wa nepi. Haiingii mwilini kwa kiasi cha kuhofiwa. Lidokeini ni ganzi inayofahamika vizuri zaidi kuliko sinkokeini. Hata inapotumika kwa mama kwa njia ya sindano, kinachofika kwenye maziwa ni kidogo, na mtoto akimeza hicho kidogo, tumbo lake halikipitishi chote. Mama anayeweza kuchagua, aanze na marhamu ya aina hii.

Sasa viambato vya kuepuka. Wa kwanza ni benzokeini, ganzi nyingine inayopatikana kwenye baadhi ya marhamu, wakati mwingine kwa kiwango cha asilimia 20. Benzokeini inaweza kuigeuza damu isibebe oksijeni ipasavyo, na watoto wachanga hawana kinga kamili dhidi ya mabadiliko hayo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa dawa za mdomoni zenye benzokeini zisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka miwili. Hatari kubwa kwa mtoto haitoki kwenye damu ya mama. Iko kwenye vidole vyake: amepaka, akafuta kwa kitambaa, kisha akashika titi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, dalili hutazamwa kwenye midomo, ulimi na ufizi. Vikiwa na rangi ya kijivu au bluu, ni kukimbilia hospitali papo hapo.

Wa pili ni fenilefrini na jamaa yake efedrini, ambazo hukaza mishipa ya damu ili uvimbe usinyae. Dawa za ukoo huu zinaweza kupandisha shinikizo la damu. Mama aliyepata presha au kifafa cha mimba asizitumie bila daktari. Psudoefedrini, ndugu yao wa vidonge vya mafua, inajulikana kupunguza maziwa, kwa hiyo mama ambaye maziwa yake bado hayajakaa sawa atafute dawa nyingine.

Wa tatu ni vile visivyohitajika hapo: antibiotiki kama framaisetini, afyuni na beladona, na balsamu ya Peru, ambayo ni kisababishi kinachojulikana cha mzio wa ngozi. Dawa isiyo na orodha ya viambato, hata ikiitwa ya asili, nayo iwekwe kundi hili. Na kama maumivu yamezidi, asimeze kodeini wala tramadoli. Hupita kwenye maziwa na zinaweza kumdumaza mtoto pumzi, tena hufunga choo. Parasetamoli au ibuprofeni zinatosha kwa mama wengi wanaonyonyesha.

Matumizi yenyewe yana mpangilio wake. Mtoto anyonye kwanza. Kisha mama aende haja, akae dakika 10 hadi 15 kwenye karai la maji ya uvuguvugu yasiyo na dawa ya kuua vijidudu, ajikaushe kwa kugusagusa, ndipo apake au aingize. Kidonge kilicholainika kwa joto kiwekwe kwenye maji baridi kikiwa bado kwenye karatasi yake. Halafu anawe mikono kwa sabuni, mpaka chini ya kucha. Mrija huo usiguse chuchu zilizopasuka hata siku moja.

Choo kigumu hurudisha kila kitu nyuma, na vidonge vya madini ya chuma vya baada ya kujifungua hukichangia. Asiviache mwenyewe. Amuulize mkunga kuhusu laktulosi, ambayo haifiki kwenye maziwa kwa kiasi cha maana. Ajue pia kwamba madini ya chuma, na hata bismuthi iliyomo kwenye baadhi ya dawa za bawasiri, yanaweza kutia choo weusi. Damu nyingi, homa, usaha, au uvimbe mgumu wenye maumivu makali ni kazi ya daktari.

Mama wetu ameanza na marhamu ya lidokeini, na vidonge vimekaa kabatini kwa siku ambayo uvimbe utakataa kushuka. Jirani alimletea mrija wake aliobakiza. Kwenye orodha ya viambato, jina la kwanza lilikuwa benzokeini. Alimshukuru, akamrudishia.