Jibu la Barua ya Madai: Namna ya Kupinga Deni Bila Kulikiri

Barua ya madai kutoka kwa wakili haina maneno mengi. Humtaja mteja wake, hutaja kiasi cha pesa, kisha humpa mdaiwa siku chache, mara nyingi saba, alipe au afikishwe mahakamani. Nchini Kenya, Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 zinamtaka mlalamishi anayefungua kesi aambatanishe nakala ya barua hiyo na hati zake nyingine. Basi siku barua inapofika, faili ya kesi imeanza kujazwa karatasi, na jibu la mdaiwa litakuwa karatasi ya pili.

Wengi huichukulia barua hiyo kama ugomvi wa kumalizwa kwa maneno ya upole. Huandika kuomba radhi, kuomba muda, na kutaja kiasi wanachodhani ni cha haki. Hapo ndipo hasara inapoingia, kwa sababu mahakama inaweza kutoa hukumu kwa kiasi ambacho mtu amekikiri mwenyewe, bila kungoja mashahidi. Amri ya 13 ya kanuni hizo inaruhusu jambo hilo. Katika kesi ya Choitram dhidi ya Nazari, iliyoamuliwa mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza kwamba ukiri unaweza kupatikana hata ndani ya barua ambazo pande mbili zimeandikiana, mradi uwe wazi na usio na utata. Barua iliyoandikwa usiku mmoja kwa nia njema inaweza kutosha.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana duka la vyakula Likoni, Mombasa, na huchukua mchele, sukari na mafuta kwa mali kauli kutoka kwa muuzaji wa jumla mjini. Kwa miaka mingi wameaminiana: mzigo unakuja, ankara inaandikwa, malipo yanafuata polepole kwa M-Pesa. Mwaka huu wamekosana, na wakili wa muuzaji amemwandikia akidai shilingi 348,500. Barua inafafanua hesabu: ankara tatu za shilingi 96,000, 78,000 na 66,000, ambazo jumla yake ni 240,000, riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi saba, yaani 84,000, na gharama za wakili 24,500.

Mpwa wake, kijana mwenye mwandiko mzuri, anamwandalia jibu jioni hiyohiyo. “Shangazi, tuwaambie ukweli tu,” anamwambia. “Uliwatumia laki na ishirini. Ukitoa hizo, imebaki laki na ishirini.” Anaandika: “Deni nalijua, ila si laki tatu na nusu. Ninachodaiwa ni shilingi 120,000 tu, na naomba nilipe elfu kumi kila mwezi.”

Sentensi hizo zina adabu, na aliyeziandika hakukusudia kudanganya. Lakini wakili akizipata anaweza kwenda mahakamani na kuomba hukumu ya shilingi 120,000 papo hapo, kisha aendelee kupigania zilizobaki. Kibaya zaidi, hesabu yenyewe si sahihi. Kijana ameanzia kwenye jumla aliyopewa na mdai, akaondoa malipo, akaishia hapo. Hakuna aliyefungua droo ya risiti.

Droo ikifunguliwa, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, ankara ya shilingi 78,000 haina hati ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi na mtu wa duka; mama mwenyewe hakumbuki mzigo huo. Pili, magunia manane ya mchele wa ankara ya kwanza, kila moja shilingi 4,200, yalirudishwa yakiwa na fukusi, na dereva wa muuzaji alitia sahihi kwenye karatasi ya kuyapokea. Hiyo ni 33,600 ambayo haikuondolewa popote. Tatu, taarifa ya M-Pesa inaonyesha malipo mawili, 70,000 na 50,000, pamoja na namba za muamala, na hakuna hata moja lililotajwa katika barua ya madai.

Ankara mbili zenye ushahidi zinafika 162,000. Toa malipo ya 120,000, toa mchele wa 33,600, inabaki 8,400. Baina ya kiasi hicho na kile ambacho mpwa alikuwa tayari kukikiri kuna tofauti ya shilingi 111,600.

Riba na gharama za wakili nazo zinahitaji kuangaliwa kila moja peke yake. Muuzaji hawezi kukaa miezi saba kisha akajipangia riba ya asilimia 5 kwa mwezi; lazima aonyeshe makubaliano, sheria au desturi ya biashara inayompa haki hiyo. Ikiwa ankara hazitaji riba na hakuna mkataba, hilo ni dai la kukataliwa waziwazi. Kuhusu gharama, kanuni za utendaji wa mawakili nchini Kenya zinamkataza wakili kumdai mtu asiye mteja wake, katika barua ya madai kabla ya kesi, malipo ya kuandika barua hiyo. Mahakama inaweza kuamuru gharama baada ya kesi, lakini hilo ni jambo jingine.

Sasa ndipo jibu linapoweza kuandikwa. Halihitaji lugha ya kutisha, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya chini ya Katiba ya 2010. Jibu la mama wa Likoni lingeweza kusomeka hivi:

“Nimepokea barua yenu kuhusu madai ya shilingi 348,500. Sikubali kwamba nadaiwa kiasi hicho, na hakuna neno katika barua hii linalopaswa kuchukuliwa kuwa ni kukiri deni lolote. Nakanusha kwamba palikuwa na makubaliano ya riba, na nakataa dai la gharama zenu. Pamoja na hayo, hesabu yenu haionyeshi malipo niliyoyafanya kwa M-Pesa wala bidhaa zilizorudishwa na kupokewa na mteja wenu. Naomba nipatiwe taarifa kamili ya hesabu, nakala za ankara zote tatu, hati za kupokea mzigo zilizotiwa sahihi kwa kila ankara, na maandishi yoyote ya makubaliano ya riba. Nikizipata nitajibu kila kipengele. Haki zangu zote nazihifadhi.”

Barua hiyo haitaji shilingi 8,400 popote. Mama haifichi kwa ujanja. Bado hajaiona taarifa ya upande wa pili, na hesabu yake inaweza kuwa na kosa kama ilivyokuwa ya mpwa wake. Inawezekana hati ya mzigo wa 78,000 ipo, ikiwa na sahihi ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Inawezekana pia kuna malipo mengine ya taslimu aliyoyasahau. Kukataa kutaja kiasi kabla ya hati kuonekana humlinda asikiri kisichokuwapo, na humlinda pia asikanushe kilichopo. Ndiyo maana barua imetenganisha mambo: anachojua si kweli amekikanusha, na ambacho hajakithibitisha amesema tu kwamba hakikubali. Mtu anayekanusha kila kitu, kisha akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe mbele ya hakimu, hata maneno yake ya kweli huanza kutiliwa shaka.

Kuna watu wanaodhani njia ya usalama ni kuandika juu ya barua “Bila kuathiri haki”, halafu wakamwaga humo kila kitu. Maneno hayo yana kazi yake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 23, hulinda ukiri uliotolewa kwa sharti kwamba hautapelekwa kortini, au katika mazingira yanayoonyesha pande mbili zilikubaliana hivyo. Ni kinga ya mazungumzo ya suluhu, na barua isiyozungumzia suluhu haipati kinga hiyo kwa sababu tu ya kichwa chake. Isitoshe, mama anataka hakimu aisome barua yake ya kupinga, ili ionekane kwamba aliomba hati mapema na hakupewa.

Kwa hiyo akitaka kupendekeza suluhu, aandike barua ya pili, peke yake, yenye maneno hayo juu yake: kwamba yuko tayari kulipa kiasi fulani ili kumaliza ugomvi wote, bila kukiri deni. Barua ya kwanza hubaki wazi kwa mahakama, na ya pili hubaki baina ya wanaozungumza. Zikichanganywa katika karatasi moja, kila moja huiharibu nyingine.

Tahadhari nyingine ni ya “kutuma kidogo kuonyesha nia njema”. Kwa sheria ya ukomo ya Kenya, dai la mkataba hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka sita, na Tanzania nako muda wa kawaida ni huohuo. Lakini mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akalipa sehemu yake, muda unaweza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Deni la miaka mitano na nusu linaweza kupata uhai wa miaka sita mingine kwa elfu mbili zilizotumwa kwa simu. Anayelipa kitu ambacho kwa hakika anadaiwa na aeleze kwa maandishi ni cha ankara ipi, na kwamba ankara nyingine anazipinga.

Barua ikishatiwa sahihi, nakala ibaki dukani. Ikipelekwa kwa mkono, nakala hiyo igongwe muhuri wa ofisi ya wakili pamoja na tarehe. Ikitumwa kwa barua pepe, ujumbe uhifadhiwe. Simu zisizo na maandishi ziepukwe, na hata majibu ya WhatsApp yaandikwe kwa uangalifu uleule, kwa maana nayo huletwa kortini kama ushahidi.

Jibu hili lina mpaka wake. Halizuii kesi kufunguliwa, wala halihesabiwi kuwa utetezi. Samansi ikija, mama atalazimika kuingia kwenye kesi na kuwasilisha utetezi rasmi ndani ya muda uliotajwa humo. Akikaa kimya akidhani barua yake inatosha, hukumu inaweza kutolewa bila yeye kusikilizwa. Nchini Kenya dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mambo huenda kwa kasi. Karatasi za droo ile ndizo zitakazohitajika wiki hiyo: ankara, karatasi yenye sahihi ya dereva, taarifa ya M-Pesa, na nakala ya jibu yenye muhuri.